Kuku mia tatu au uwakala wa fedha: jibu la mjomba kwa mpwa wake

*Shikamoo Mjomba. Natumaini wewe na shangazi hamjambo. Ni mwaka na nusu sasa tangu nimalize chuo, na barua za maombi ya kazi nimeshachoka kuzihesabu. Nina shilingi milioni tatu: mbili ni akiba yangu ya kazi za muda, na moja Mama amenipa baada ya kupokea zamu yake ya upatu. Nina mawazo mawili. La kwanza ni kufuga kuku wa nyama 300 katika lile banda la marehemu Babu hapa Kihonda. Kifaranga ni shilingi 1,600, mfuko wa chakula wa kilo 50 ni 70,000, na kuku huuzwa 7,500. Nimepiga hesabu ya mifuko 15 na dawa za 70,000, nikaona faida ya 650,000 kila mwezi. La pili ni uwakala wa fedha: nimepata fremu barabarani kwa 80,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita inalipwa mbele, nami nataka mitandao mitatu na benki moja. Wewe umekaa miaka mingi kwenye mikopo ya wafanyabiashara wadogo. Nianze na lipi?*

Marahaba mpwa wangu. Sisi hatujambo, na shangazi yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nimefurahi kuona kwamba umeweka namba, kwa sababu mtu aliyeandika namba anaweza kusahihishwa, ilhali aliyeandika matumaini matupu huwezi kumsaidia kitu. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba uanze na uwakala, lakini si katika fremu hiyo wala si kwa laini nne. Kuku uwaweke nyuma, tena wawe mia moja na si mia tatu. Sasa nikueleze kwa nini, nikianza na kuku, maana hapo ndipo hesabu yako ilipopinda.

Umeandika mifuko 15 kwa kuku 300. Hiyo ni kilo 750, yaani kilo mbili na nusu kwa kila kuku tangu kifaranga mpaka siku ya kuuzwa. Ni vigumu kuku wa nyama kufika sokoni kwa chakula hicho. Ili afikishe uzito wa kilo moja na nusu hadi kilo moja na robo tatu katika wiki tano, mfugaji wa kawaida, mwenye vyombo vya kawaida na chakula kinachomwagika kidogo, atatumia kilo tatu na zaidi. Weka kilo tatu na theluthi, ndiyo mifuko 20, na gharama ya chakula peke yake inapanda kutoka 1,050,000 uliyoiandika mpaka 1,400,000. Vifaranga ni 480,000. Chanjo na vitamini tuweke 60,000, mkaa wa kuwapa joto 70,000, na maranda, umeme na usafiri 60,000. Katika hivi vitatu wewe uliona dawa tu. Jumla ni shilingi 2,070,000.

Kisha umehesabu kwamba vifaranga 300 watakuwa kuku 300. Hakuna mkopeshaji mzoefu anayekubali sentensi hiyo. Hata banda likiendeshwa vizuri, ni jambo la kawaida kupoteza watano katika kila mia, kwa hiyo utauza kuku 285. Kwa bei ya 7,500 utapata 2,137,500. Toa gharama, kinabaki 67,500 kwa wiki tano za kuamka usiku, bila kuhesabu wiki moja au mbili za kusafisha banda na kulipumzisha kabla ya kuingiza wengine. Bei ikishuka mpaka 7,000, jambo linalotokea kila mara wafugaji wengi wanapotoa kuku kwa wakati mmoja, utapata 1,995,000 na utakuwa umepata hasara ya 75,000. Sitaki udhani nimechukua namba mbaya ili nikutishe. Bei ni zako mwenyewe. Nilichobadilisha ni kiasi cha chakula na idadi ya wanaofika sokoni, na nimeongeza mkaa, maranda na usafiri ulivyovisahau.

Sasa angalia jambo ambalo ndilo linalowaangusha wengi, na ambalo halionekani kabisa katika daftari lako. Kuku wa wiki ya tano anakula karibu gramu 180 kwa siku. Zidisha kwa 285 upate kilo 51. Maana yake ni kwamba kuanzia siku kuku wako wanapokuwa tayari, kila siku unayokaa nao bila mteja unafungua mfuko mzima wa 70,000. Siku moja tu ya kuchelewa inakula faida yote ya wiki tano. Kuku anaendelea kunenepa, ni kweli, lakini wanunuzi wa kwetu wananunua kwa kichwa na si kwa kilo, kwa hiyo nyama hiyo ya ziada unampa mnunuzi bure. Naye mnunuzi wa jumla analijua hilo kuliko wewe. Akifika bandani kwako siku ya 38 na kuona kuku wameshajaa sakafu yote, hatakutajia 7,500. Atatazama ndoo za chakula, atauliza una mifuko mingapi iliyobaki, kisha atasema 6,500 na kukaa kimya.

Nimewaona watu wa namna hiyo upande wa pili wa meza yangu. Mmoja wao alikopa kwa ajili ya kuku 500 akiwalenga walaji wa Krismasi, akafuga vizuri sana, na hoteli moja ikachukua karibu wote kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Hoteli ililipa, lakini ililipa mwezi Machi. Katika miezi hiyo banda lilikaa tupu kwa sababu fedha ya vifaranga wapya ilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine, huku rejesho la mkopo likidaiwa kila tarehe. Alijua ufugaji, kuku wake walikuwa na afya, na bado biashara ilisimama. Ndiyo maana nikisoma andiko la mradi wa kuku wa nyama huanza na ukurasa wa wanunuzi, na kama ukurasa huo haupo sisomi mwingine.

Upande wa ufugaji wenyewe nitakugusia mambo machache tu, kwa sababu mtaalamu wa mifugo wa kata yako atakueleza mengine. Banda la Babu, kama nalikumbuka vizuri, lina mita sita kwa tano, na mita 30 za mraba zinatosha kuku 300 kwa kipimo cha kuku kumi kwa mita moja. Nafasi si tatizo. Tatizo la kwanza ni joto. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 34 za sentigredi katika wiki ya kwanza, kisha unapunguza nyuzi kama tatu kila wiki, na huhitaji hata kipimajoto ili ujue umekosea: vifaranga wakijibana pamoja chini ya jiko, wanaona baridi, wakikimbilia kuta huku wamefungua midomo na kushusha mabawa, wamezidiwa na joto, wakitawanyika sawasawa wakila na kulala, wako vizuri. Usiku wa saa nane mkaa ukizimika nawe umelala, asubuhi utakuta wale wa katikati ya rundo wamekufa kwa kukosa hewa, na hakuna dawa ya kuwarudisha.

Tatizo la pili liko uani kwenu. Mama yako ana kuku wa kienyeji wanaozunguka mpaka mlangoni mwa banda hilo. Kuku hao wanaweza kubeba kideri bila wewe kuona dalili kubwa, na ugonjwa huo ukiingia kwa kuku wa nyama hauchukui watano katika mia, unaweza kuchukua karibu banda zima. Utauona kwa kuku kukoroma wakivuta hewa, kinyesi cha kijani na shingo zinazopinda. Gumboro nayo hupenda vifaranga wa kuanzia wiki ya tatu, ikija na kuhara maji meupe na kuku kujikunyata manyoya yakiwa yamesimama. Yote mawili hayana tiba. Kinga ni chanjo. Ratiba inayotumiwa sana ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14 na kideri tena siku ya 21, ila fuata ile utakayopewa na anayekuuzia vifaranga. Chanjo hupewa katika maji ambayo hayakutiwa dawa ya klorini, baada ya kuwanyima maji kwa saa moja au mbili, ili wanywe yote kwa haraka. Wengi huchanganya kwa maji ya bomba kama yalivyo, klorini inaiua chanjo, halafu wanasema chanjo ilikuwa feki. Kwa hiyo kabla ya kifaranga wa kwanza kuingia, wale wa Mama wachanjwe na wazungushiwe uzio, na mlangoni pawekwe viatu vya ndani ya banda tu.

Tuje kwenye uwakala. Tofauti yake kubwa na kuku si ukubwa wa faida bali ni mahali fedha yako inapolala. Kwa kuku, milioni mbili zinaingia matumboni mwa viumbe kwa wiki tano na huwezi kuzitoa hata mtoto akiugua. Kwa wakala, kila jioni mtaji wako wote uko palepale, sehemu ni noti na sehemu ni salio kwenye laini, na ukiamua kufunga biashara kesho unaondoka nao. Kinacholiwa ni kodi, matengenezo ya kaunta na muda wako. Lakini mtaji huo huo unaweza kuondoka wote kwa dakika mbili mikononi mwa tapeli, jambo ambalo kuku hawawezi kukufanyia, na nitalirudia baadaye kidogo.

Kwanza tuangalie fremu. Kodi ya miezi sita ni 480,000. Kaunta yenye nondo na kufuli, weka 250,000. Leseni ya biashara na gharama ndogondogo, 100,000. Utakuwa umetumia 830,000 kabla ya kumhudumia mtu mmoja, na utabaki na 2,170,000. Ukizigawa kwa mitandao mitatu na benki moja, huku milioni moja ukiiweka taslimu, kila laini inabaki na floti, yaani salio la kuhudumia wateja, isiyofika laki tatu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akija na laki nne za mauzo anataka kuweka benki, utamwambia floti haitoshi. Akija mara ya pili akasikia neno hilo hilo, hatarudi tena, na huyo ndiye mteja mwenye miamala yenye kamisheni nzuri. Wakala mwenye laini nne zisizo na kitu ni dhaifu kuliko mwenye laini mbili zilizojaa, ingawa bango la mwenye nne linapendeza zaidi.

Kuhusu kamisheni, kila kampuni ina jedwali lake na hubadilika, hivyo usichukue namba ya mtu wa mtandaoni. Omba wakala unayemfahamu akuonyeshe kamisheni yake ya mwezi mzima pamoja na idadi ya miamala, ugawanye upate wastani. Kwa ajili ya mfano wetu tu, tuseme wastani ni shilingi 300 kwa muamala. Miamala 40 kwa siku ni 12,000, na kwa siku 26 ni 312,000. Lakini hutaanza na 40. Miezi ya mwanzo, kabla watu hawajakuzoea, hesabu 15, ndiyo 117,000 kwa mwezi. Katika fremu ya 80,000, ukiongeza 30,000 za umeme na bando, unabaki na 7,000. Huo si mshahara, hata nauli hautoshi, na ndiyo sababu mawakala wengi wapya hufunga wakati kodi ya pili inapodaiwa: si kwamba biashara haikuwepo, bali kodi ilifika kabla ya wateja.

Sasa fikiria kibanda cha Mama cha cherehani. Kipo njiani, watu wanapita kutwa, kina mlango wa bati na kufuli, na Mama anajulikana na wenye maduka wote wa pale. Umewahi kumwomba kona moja ya mita moja? Kaunta ndogo yenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwenye ubao itakugharimu 150,000. Leseni na mengineyo 100,000. Hapo unabaki na 2,750,000. Weka 250,000 pembeni isiyoguswa, na 2,500,000 iwe mtaji wa kuzungusha: milioni moja taslimu, 600,000 kwenye mtandao unaotumika zaidi mtaani kwenu, 400,000 kwenye wa pili, na 500,000 kwenye benki. Ukimchangia Mama 20,000 za kodi ya kibanda na kutumia 30,000 za bando, basi hata kwa miamala 15 kwa siku unabaki na 67,000, na ukifika 40 unabaki na 262,000. Faida haijaongezeka kwa ujanja wowote. Umeondoa kodi tu.

Nikuonyeshe siku moja inavyokwenda ili uone kazi yenyewe ni ipi. Umefungua asubuhi na hizo 2,500,000 kama nilivyozigawa. Fundi anakuja kutoa 120,000 kupitia mtandao wa kwanza: taslimu yako inashuka hadi 880,000, na floti ya mtandao huo inapanda hadi 720,000. Baadaye mwenye duka anaweka 450,000 benki: taslimu inakuwa 1,330,000, na floti ya benki inabaki 50,000. Jumlisha vyote vinne, utapata 2,500,000 ileile. Lakini mteja anayefuata akitaka kuweka 200,000 benki, huna la kumpa, japo droo imejaa noti. Wakala mzuri halisubiri hilo. Mara floti ya benki inaposhuka chini ya laki moja na nusu, anachukua noti zilizozidi na kukimbilia tawini au kwa wakala mkuu kujaza, au anabadilishana na wakala jirani ambaye yeye ana tatizo kinyume, ana floti lakini hana noti. Kwa hiyo ujirani na mawakala wenzako ni sehemu ya mtaji. Na ujue mwelekeo wa mtaa: tarehe za mishahara na siku ambazo wastaafu wanapokea pensheni watu wanatoa, hivyo uwe na noti nyingi; jioni za siku za mnada wenye biashara wanaweka, hivyo uwe na floti.

Kila jioni kabla ya kufunga, hesabu noti, soma salio la kila laini, ujumlishe. Kamisheni iandike kando, usiichanganye. Ikiwa jumla haikufika 2,500,000, kuna muamala umekosea namba, kuna noti umezidisha, au kuna mtu amekuibia, na siku hiyohiyo bado unaweza kukumbuka ni nani. Ukisubiri mwisho wa wiki hutakumbuka. Mtu anayechukua elfu tano za chakula kutoka kwenye droo na kusema atarudisha kesho, huyo hana uwakala, ana pochi.

Kuhusu utapeli, mbinu ni nyingi lakini karibu zote zinasimama juu ya nguzo mbili, ambazo ni kukuharakisha na kukufanya uamini meseji badala ya salio. Tapeli anakuja saa kumi na mbili jioni, foleni ikiwa ndefu, ameshika kibunda cha noti na simu sikioni, anakutajia namba na kusema, "Tuma laki nane, mgonjwa yuko hospitali, mimi nahesabu hapa." Wewe unatuma, yeye anaendelea kuhesabu huku akirudi nyuma hatua mojamoja. Sheria ni moja, nayo haina mgonjwa wala rafiki: noti zihesabiwe na wewe, ziingie kwenye droo, ndipo utume. Kwa mtu anayetoa, meseji inaweza kutengenezwa ikafanana neno kwa neno na ile ya kampuni, kwa hiyo usitoe noti mpaka ufungue menyu na kuona salio limeongezeka. Akikupigia mtu akijitambulisha kuwa ni wa kampuni na kukuomba ubonyeze hiki na kile ili laini isifungwe, kata simu.

Jambo jingine ambalo watu hawalisemi wanapouza laini: usinunue laini ya uwakala iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata ikiwa bei ni nzuri na ina historia ndefu ya miamala. Mwenye jina anaweza siku yoyote kwenda kusema amepoteza laini, akapewa mpya, na floti yako yote ikaamkia kwake. Na utakapolalamika, karatasi zote zitakuwa za kwake. Sajili ya kwako. Utahitaji kitambulisho au namba ya NIDA, namba ya mlipakodi ambayo TRA wanaitoa bila malipo, na leseni ya biashara kutoka halmashauri. Zamani uwakala wa benki ulikuwa unamfungia nje kijana kama wewe, kwa sababu mwombaji alitakiwa awe amefanya biashara kwa miezi 18 kwanza. Benki Kuu iliondoa sharti hilo Julai 2021, kwa hiyo akikuambia mtu kwamba hustahili kwa kuwa ni mgeni katika biashara, mwambie akuonyeshe limeandikwa wapi.

Mwaka huohuo wa 2021 ndio unaonifanya nisikuambie uegemee uwakala peke yake. Tozo ya miamala ilipoanza Julai, watu walipunguza kutuma na kutoa kwa simu, wakarudi kubeba noti, na mawakala niliowafahamu walilia kabla hata mwezi haujaisha. Serikali ilipunguza tozo kwa asilimia 30 Septemba, na baadaye ikaendelea kuilegeza, lakini kwa wiki zile mapato ya wakala yalitegemea uamuzi ambao yeye hakuwa na sauti ndani yake. Ndiyo maana kuku hawajafutika katika mpango wako.

Kuku waje baada ya uwakala kusimama, tuseme unapofika miamala 30 kwa siku kwa miezi miwili mfululizo, na waje mia moja tu. Angalia hesabu yake kwa makini, maana udogo nao una adhabu. Vifaranga 160,000, mifuko saba ya chakula 490,000, mengineyo 90,000, jumla 740,000. Ukifikisha 95 na kuwauza kwa jumla kwa 7,500 unapata 712,500, hasara. Kwa hiyo mia moja hawauzwi kwa jumla kabisa. Wanauzwa wamechinjwa na kunyonyolewa, mmojammoja, kwa wenye chipsi, mama lishe na majirani, na ukipata 9,000 utaingiza 855,000 na kubaki na 115,000. Linganisha na zile 67,500 za kuku 300: theluthi moja ya kazi na theluthi moja ya mtaji, lakini faida kubwa zaidi, kwa sababu umeuza wewe badala ya dalali. Anza kuwatoa wakubwa tangu siku ya 30, kumi leo, kumi keshokutwa, ili siku ya 38 isikukute na banda zima. Na vifaranga usiwaagize mpaka uwe na majina ya watu walioahidi kuchukua angalau nusu yao, na fedha taslimu siku ya kuchukua.

Usijaribu kuendesha vyote viwili kwa wakati mmoja katika wiki mbili za kwanza za vifaranga, kwa sababu usiku hutalala, na wakala aliyesinzia ndiye chakula cha yule mwenye kibunda cha noti. Mdogo wako akishika zamu ya usiku ya mkaa, mlipe, asiyelipwa hulala.

Kuna mambo mawili ya fedha ambayo hukuyataja. Ikiwa ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, marejesho huanza miezi 24 baada ya kumaliza, na aliyejiajiri anatakiwa alipe kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake. Umebakiwa na nusu mwaka. Katika hesabu ya miamala 40 unaweza kulipa. Katika miamala 15 huwezi, na ni bora uende ofisini kwao kuzungumza mapema kuliko kusubiri. La pili ni milioni ya Mama. Upatu haujaisha, yeye bado anachangia zamu za wenzake kila wiki, kwa hiyo fedha hiyo kwake si ziada bali ni deni alilochukua mbele. Iandike katika daftari kama mkopo, na kuanzia mwezi wa nne wa biashara umrudishie 50,000 kila mwezi hata akikataa kuipokea.

Kabla hujalipa mtu yeyote senti moja, nifanyie kazi hii. Kaa kibandani kwa Mama kwa wiki moja kuanzia asubuhi mpaka jioni, uhesabu watu wanaoingia kwa wakala aliye karibu zaidi na pale, na uandike wangapi wanatoka bila kuhudumiwa kwa sababu ya floti au noti. Hao wanaotoka bila kuhudumiwa ndio wateja wako wa mwezi wa kwanza. Kama hawafiki kumi kwa siku, tutafute kona nyingine kabla ya kutafuta laini. Pia waulize wenye chipsi watano wa barabara hiyo wananunua kuku kwa nani, kwa shilingi ngapi, na wanalipa lini. Nitumie namba hizo, halafu tukae tena na daftari. Yule mwenye fremu mwambie kwa adabu kwamba mjomba wako amekuzuia. Lawama nitaibeba mimi.